Ct 36.9: virusi vya mgonjwa au vya jirani yake?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mteknolojia wa maabara, nina miezi minne kazini. Juzi tulipima sampuli za UVIKO-19 kwa PCR, mizunguko 45. Moja imetoka hivi: jeni N Ct 36.9, ORF1ab imeandikwa Undetermined, RNase P 24.8. Kontroli chanya na kontroli hasi ziko sawa. Mwenzangu anasema ni chanya kwa sababu mashine imetoa namba. Mgonjwa yuko siku ya pili ya homa, na daktari wa wodini ananiuliza kama 36.9 maana yake ugonjwa ni mdogo. Nimekutumia picha za mchoro na mpangilio wa sahani. Niandike nini?*

Marahaba. Kwa sasa usiandike chanya wala hasi. Sampuli hii inahitaji kurudiwa, na nitakueleza irudiwe vipi. Lakini kabla ya hapo, mwenzako ameanza kusoma ripoti kutoka mwisho. Namba ya Ct ndiyo kitu cha mwisho kutazamwa. Cha kwanza ni mstari uliozaa namba hiyo.

Tukumbushane namba yenyewe ni nini. Kila mzunguko unapokwisha, mashine inapima mng'aro wa rangi ndani ya kila kisima, yaani kila kitundu cha sahani chenye sampuli yake. Kama kipande cha jeni tunachokitafuta kimo, kinaongezeka mara mbili kila mzunguko, na mng'aro unaongezeka pamoja nacho. Mizunguko ya mwanzo huoni kitu, kwa sababu mwanga wa vipande vichache umezama ndani ya mwanga wa kawaida wa kisima. Baadaye unachomoza, unapanda kwa kasi, kisha unalegea vitendanishi vinapokwisha. Kizingiti ni mstari wa mlalo uliochorwa mahali ambapo mng'aro tayari umejitenga na kelele za chini lakini bado unajizidisha mara mbili. Ct ni mzunguko ambao mng'aro ulikata kizingiti hicho. Kwa hiyo ni kama siku ya kufika, si kiasi cha mzigo. Watu wawili wakianza na mtaji tofauti na fedha zao zikawa zinajizidisha mara mbili kila siku, mwenye mtaji mkubwa atafika milioni mapema, na sisi tunaandika tarehe aliyofika. Ndiyo maana namba ndogo ina maana ya virusi vingi, na ndiyo maana tofauti ya namba chache ni kubwa kuliko inavyoonekana: mizunguko 3.3 ni mara kumi.

Sasa tutazame mchoro wako. Umenitumia ule wa skeli ya kawaida, ambao wengi wanaupenda kwa sababu mistari inapendeza, kama herufi S iliyolala. Kwa sampuli yenye Ct ya mwisho mwisho, skeli hiyo inaficha mambo. Ibadilishe iwe skeli ya logi. Kwenye logi, kitu kinachojizidisha mara mbili kila mzunguko kinachora mstari ulionyooka unaopanda, na mwinamo wake ni uleule kwa sampuli kali na dhaifu. Dhaifu inachelewa kuanza tu. Weka kontroli chanya na sampuli yako pamoja, uone kama sehemu zao zinazopanda ziko sambamba. Zikiwa sambamba, ndani ya kisima hicho kuna kipande cha jeni kilichozidishwa kweli. Mstari wa mgonjwa ukiwa umelala zaidi, unapanda polepole tangu mzunguko wa 20 hadi wa 45 bila kupiga kona popote, huo si uzidishaji. Ni mwanga unaotambaa, kwa sababu probu, kile kipande kinachobeba rangi, imeanza kuharibika au kifuniko kimevuja na mchanganyiko unakauka. Mstari wa namna hiyo ukisubiriwa vya kutosha lazima utakata kizingiti, na mashine, ambayo haina macho, itaandika Ct.

Hili nalijua kwa kuchomeka. Nikiwa kijana kama wewe, katika maabara moja ambayo sitaitaja, nilisoma majibu kwenye jedwali peke yake usiku wa manane, nikaandika chanya tatu zenye Ct kati ya 37 na 39. Asubuhi msimamizi wangu alifungua mchoro wa mwanga ghafi, ule unaoonyesha kila rangi kivyake kabla kompyuta haijausawazisha. FAM, rangi ya jeni yenyewe, ilikuwa imelala tuli kwenye visima vyote vitatu. Kilichoshuka ni ROX, rangi ya kulinganishia. Kompyuta inagawa FAM kwa ROX, kwa hiyo ROX ikishuka, jibu linapanda, ingawa hakuna kilichozidishwa. Tangu siku hiyo, Ct yoyote ya juu ya 35 siipitishi kabla sijafungua mchoro wa mwanga ghafi. Wewe pia ufungue. Ukiona FAM inapanda na ROX imenyooka, endelea. Ukiona mrukio wa ghafla wa mzunguko mmoja kisha mstari unarudi sawa, hilo ni povu lililopasuka.

Kwenye picha yako mstari wa N unapiga kona karibu na mzunguko wa 34 na kupanda vizuri. Hata kwenye skeli ya kawaida nauona. Kwa hiyo nitachukulia kwamba ukihamia logi utaukuta sambamba na kontroli, na kwamba kipande cha jeni N kilikuwemo ndani ya kisima. Hapo mwenzako atashangilia. Asishangilie mapema. Tumejibu swali la kilichomo kisimani, hatujajibu kilitoka wapi.

Tazama mpangilio wa sahani. Sampuli yako iko D5. Jirani yake, D4, ana Ct ya 15.6 kwenye N. Tofauti kati yao ni mizunguko 21.3, na 2^21.3 ni kama milioni 2.6. Maana yake, sampuli ya jirani ina vipande vingi mara milioni 2.6 kuliko hii. Ligeuze: sehemu moja tu kati ya milioni 2.6 ya sampuli ya jirani ingetosha kutengeneza Ct yako nzima. Kama mlianza uchimbaji wa vinasaba na mikrolita 200, sehemu hiyo ni tone lenye upana wa mikromita hamsini na kitu, unene wa unywele mmoja. Hulioni likiruka wakati kifuniko kinafunguliwa kwa haraka au ncha ya pipeti inapita juu ya safu. Sisemi ndivyo ilivyotokea. Nasema kwamba sahani hii haiwezi kukuambia kwamba haikutokea.

Utaniambia kontroli hasi ni safi. Ndiyo, lakini kontroli ya maji inajibu swali moja tu: je, vitendanishi vyenyewe vimechafuka? Uchafu ulio ndani ya chupa ya mchanganyiko ungejitokeza kwenye visima vyote, pamoja na cha maji. Tone lililoruka kutoka D4 kwenda D5 haliendi kupiga hodi kwenye kisima cha maji kilicho pembeni kabisa mwa sahani. Ndiyo maana wanaopima sampuli nyingi hutawanya kontroli hasi mbili au tatu katikati ya sampuli, na angalau moja inapitishwa kwenye uchimbaji tangu mwanzo kama sampuli ya mtu. Yako iliongezwa kwenye hatua ya PCR tu, kwa hiyo haikuona lolote lililotokea kabla.

Waliokuwepo kazini mwaka 2020 wanakumbuka papai na mbuzi, baada ya Rais Magufuli kutangaza mwezi Mei kwamba sampuli za vitu hivyo zilitoka chanya. Nchi nzima ilibishana. Wengine walisema vipimo vibovu, wengine walisema mengine. Sikumsikia mtu akiuliza maswali mawili ambayo mtu wa PCR angeyauliza kabla ya kukaa kitako: mistari ilikuwa na umbo gani, na kila kisima kilikuwa jirani na nani?

Turudi kwako. Kuna maelezo mengine ya 36.9 ambayo hayana kosa la mtu yeyote, nayo ni bahati. Kwenye Ct za namna hii kisima kinakuwa kimeanza na vipande vichache sana, vya kuhesabika kwa vidole. Ukichota kutoka kwenye mchanganyiko ambao kwa wastani unatoa kipande kimoja kwa kila mchoto, takriban michoto 37 kati ya 100 itatoka mitupu. Ukiwa na wastani wa vipande vitatu, mitupu itashuka hadi 5 hivi kati ya 100. Hii ni hesabu ya kuchota tu, pipeti bora duniani haiwezi kuiondoa. Kwa hiyo N kuonekana na ORF1ab kukosekana si ajabu hata kidogo kwenye sampuli dhaifu ya kweli. Isitoshe, ndani ya seli virusi hivi hutengeneza nakala fupi za ziada zenye jeni N ambazo hazina ORF1ab, kwa hiyo mara nyingi N hutangulia kidogo.

Tatizo ni kwamba hoja hii inakata pande zote mbili. D4 alikuwa na N 15.6 na ORF1ab 16.8, yaani ORF1ab imechelewa kwa 1.2. Tone lake likidondoka D5 na kutoa N ya 36.9, ORF1ab ingetegemewa karibu na 38, mahali ambapo ni kubahatisha kama itaonekana au la. Maambukizi dhaifu ya kweli yangetoa picha hiyohiyo. Ukitazama namba zako mbili peke yake, hakuna ujanja wa kutenganisha hadithi hizi.

RNase P ya 24.8 inatusaidia kwa jambo moja. Hiyo ni jeni ya binadamu, si ya virusi, kwa hiyo inatuambia kijiti kiligusa seli za mgonjwa, uchimbaji ulifanya kazi, na hakuna kitu kilichozuia PCR. Ingekuwa 34, ningesema usihangaike na 36.9, kwa kuwa sampuli yenyewe ni maji matupu, irudishwe wodini. Angalizo dogo hapa: siku ukikutana na sampuli yenye virusi Ct 14 na RNase P haikutokea kabisa, usiifute. Kama vyote vinazidishwa ndani ya kisima kimoja, virusi vikiwa vingi kupita kiasi vinamaliza vitendanishi kabla RNase P haijapata zamu yake.

Sampuli kali ina mtego mwingine wa kinyume, na nautaja kwa sababu D4 yako imeukaribia. Kompyuta inajifunza mwanga wa kawaida wa kisima kutoka kwenye mizunguko ya mwanzo. Kwenye mashine nyingi za PCR za aina ya Applied Biosystems 7500, mpangilio wa mkono unaanzia mzunguko wa 3 hadi wa 15. Sampuli inayochomoza kabla ya 15 inafanya kompyuta idhani sehemu ya kupanda ni mwanga wa kawaida, iutoe, na mstari uinamie chini ya sifuri. Nimeona sampuli kali kuliko zote kwenye sahani ikiandikwa Undetermined. Dawa yake ni kurudisha mwisho wa eneo hilo nyuma, mizunguko miwili au mitatu kabla mstari haujachomoza, kisha kuchambua upya.

Sasa cha kufanya. Kwanza rudia PCR kwa vinasaba vilevile ulivyokwisha kuchimba, visima viwili au vitatu. Hii itakuambia kama 36.9 ilikuwa kitu cha kisima kile tu, kama povu, au tone lililoingia wakati wa kupakia sahani. Visima vyote vikitoka vitupu, usikimbilie kuandika hasi, kwa sababu ya ile hesabu ya michoto. Vikitoka na Ct 36 na 37, bado hujui kama uchafu uliingia wakati wa uchimbaji, maana chanzo ni kilekile. Kwa hiyo hatua ya pili ndiyo yenye uzito: rudi kwenye kichupa cha awali cha mgonjwa, chimba upya siku nyingine au kwenye sahani nyingine, mbali na D4, ukiwa na kontroli hasi iliyoanzia kwenye uchimbaji. N ikijirudia hapo, hoja ya jirani imedhoofika sana. Na hatua ya tatu, omba kijiti kipya baada ya saa 24 hadi 48.

Kijiti kipya kina thamani kwa sababu kinaongeza kitu ambacho sahani haina, yaani muda. Mgonjwa wako ana siku ya pili ya homa. Kama maambukizi ndiyo yanapanda, siku moja au mbili zinatosha kuishusha Ct kwa mizunguko mingi. Ungekuta 24 au 25, jeni zote mbili, bila ubishi. Kama ni masalia ya maambukizi ya wiki zilizopita, ungekuta 36 tena, au 38, au kitupu. Kama lilikuwa tone la D4, ungekuta kitupu na hakuna jirani wa kulaumiwa. Majibu ya pili na ya tatu yanafanana, nakiri, lakini kwa mgonjwa wa siku ya pili ya homa yote mawili yanamwambia daktari jambo moja: homa hii huenda ina sababu nyingine, aitafute.

Soma pia kijitabu kilichokuja na vitendanishi vyako, kwa sababu sheria ya kutafsiri ni ya kijitabu, si yangu wala ya mwenzako. Vingine vinataka jeni zote mbili, vingine vinakubali moja chini ya Ct fulani, vingi vinaagiza kurudia inapoonekana moja. Usiazime mpaka wa 38 kutoka kwenye kijitabu cha kampuni nyingine. Kizingiti kikipandishwa mara kumi kwenye mchoro, kila Ct inaongezeka kama 3.3 bila virusi kubadilika hata chembe. Badilisha mashine, au kiasi cha sampuli ulichoanza nacho, namba inasogea tena.

Hapo ndipo tunafika kwa daktari. Mjibu kwa upole kwamba 36.9 inaeleza kiasi kilichokuwa kwenye ncha ya kijiti siku ile, si ukali wa ugonjwa. Mtu anaweza kuwa hoi na nimonia huku puani virusi vimekwisha kupungua, na mwingine akawa anatembea sokoni ana Ct 17. Kijiti kilichogusa mlango wa pua badala ya kufika nyuma kinaongeza mizunguko kadhaa bila mgonjwa kupata nafuu yoyote.

Daktari akiwa msomaji atakurudishia hoja ya Ebola, na atakuwa na haki, kwa hiyo uijue. Katika mlipuko wa Kivu Kaskazini, jaribio la dawa nne lililoanza Novemba 2018 liligawa wagonjwa kwa Ct ya NP, jeni mojawapo ya virusi vya Ebola: 22 kwenda chini, na juu ya 22. Kwa waliopewa dawa ya kingamwili REGN-EB3, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa karibu asilimia 64 kwenye kundi la kwanza na asilimia 11 kwenye la pili. Hapo Ct ilitabiri kweli. Lakini tazama mazingira yake: ni damu, si kijiti cha pua, na damu haitegemei mkono wa aliyechukua; Ebola inapozidi, inazidi ndani ya damu hiyohiyo inayozunguka mwili mzima; na namba zililinganishwa ndani ya jaribio moja. Hata huko walichagua NP kwa makini. Kipimo cha GeneXpert cha Ebola kinatazama pia jeni GP, na chanjo iliyokuwa ikitolewa imebeba GP ya Ebola ndani yake. Mtu aliyechanjwa siku chache nyuma anaweza kuonyesha GP bila kuwa na Ebola, kwa hiyo GP peke yake bila NP ni swali, si jibu. Unaona ni kisa kilekile cha jeni moja kutokea na nyingine kukosekana, ila huku jirani aliyeacha alama ni sindano.

Kwenye fomu, basi, andika hivi: "Haijathibitika. Jeni N imeonekana kwa udhaifu (Ct 36.9), ORF1ab haikuonekana, kontroli ya ndani ni sahihi. Upimaji unarudiwa. Tafadhali leteni sampuli mpya ndani ya saa 24 hadi 48, mkitaja siku dalili zilipoanza." Kama utaratibu wa maabara yenu hauruhusu Ct kwenye fomu, iondoe na maneno mengine yabaki. Mpigie daktari kabla fomu haijafika, umwambie amweke mgonjwa kama mwenye maambukizi mpaka jibu la pili litoke. Na kijiti kipya kikifika, pakia sampuli hiyo kwanza kabla ya zote, iache ikae kati ya visima viwili vya maji.